Mwangwi si mrejesho: sauti inayorudi kwenye kamera ya geti

Wiki iliyopita nimeambiwa tena, "Fundi, kamera ina mrejesho, network mbovu." Aliyeniambia ni mama mmoja mwenye stoo ya dagaa Kibirizi, Kigoma. Yeye anaishi Mwanga, na usiku huwa anaongea na mlinzi wake kupitia simu. Alikuwa ameshabadilishiwa ruta na kununua bando kubwa zaidi, na bado kila akisema neno, baada ya muda mfupi analisikia neno lake lenyewe likimrudia sikioni. Kilichomsumbua hakikuwa mrejesho, na mtandao haukuwa chanzo chake.

Ule ulikuwa mwangwi. Sauti yako inatoka kwenye simu, inafika kwenye spika ya kamera, maiki ya kamera hiyohiyo inaidaka na kukurudishia. Inarudi mara moja tu, hafifu kuliko ulivyoitoa, basi. Mrejesho, ambao watu wa vyombo wanauita fidibeki, ni sauti iliyonaswa kwenye mduara: spika inaitoa, maiki inaidaka, inapazwa, spika inaitoa tena, bila mtu yeyote kuongeza neno.

Naelewa kwa nini maneno haya yanachanganywa, maana yote yanahusu kurudi. Lakini Kiswahili chenyewe kimeshatutenganishia. Kurejea ni kurudi mwenyewe, na kurejesha ni kurudisha kitu kingine. Ukiwa kwenye vilima vya Kigoma ukaita kuelekea genge la mwamba lililo mita 170 mbele yako, sauti inakurejea baada ya sekunde moja hivi, kwa sababu mwendo wake hewani ni kama mita 340 kwa sekunde. Genge halikuongeza kitu. Kwenye mrejesho kuna chombo kinachoirejesha sauti pale ilipoanzia na kuiongezea nguvu, kama maiki ya kwaya inapoelekezwa kwenye spika ikaanza kupiga mluzi. Kwa hiyo neno mrejesho ni zuri, ila limebandikwa pasipo pake. Neno "kipaza sauti" nalo linatuponza, maana tunaviita hivyo hivyo maiki na spika. Maiki haipazi, inadaka. Ukiviita vyote kwa jina moja huwezi kumweleza mtu kwamba kimoja kimekaa karibu mno na kingine.

Sasa nguvu ya mrejesho. Tuseme kila duru sauti inarudi ikiwa sehemu 9 kati ya 10 ya ilivyokuwa. Itajirudia mara kadhaa, itafifia, itakufa. Ikirudi 11 kwa 10, baada ya duru 8 imeshazidi maradufu, na itaendelea hadi spika ifike mwisho wa uwezo wake. Kwenye vyombo vya ukumbini duru moja huchukua muda mfupi mno, ndiyo maana unasikia mluzi papo hapo. Kwenye kamera inayopitia mtandao, duru moja inaweza kuchukua sekunde nzima, hivyo hutasikia mluzi kwanza. Utasikia neno lako likijirudia, kila mara kubwa zaidi, kisha linageuka mlio. Hapo ndipo wengi wanapoita mwangwi kitu ambacho ni mrejesho, kosa lilelile kwa upande wa pili.

Kuvitofautisha ni rahisi. Sema "moja", kisha nyamaza kabisa, na mlinzi anyamaze. Ukisikia "moja" mara moja tu, huo ni mwangwi. Ikiendelea kuja yenyewe huku ikikua, umefunga mduara. Na jambo hili walishike hasa mafundi: anayeusikia mwangwi siye anayeusababisha. Kama ni wewe wa kwenye simu unayejisikia, tatizo liko kule kwenye kamera. Kubadilisha simu ni kazi bure.

Mtandao je? Pale Kibirizi spika ya kamera ilikuwa honi ya nje, nayo ilifungwa sentimita 40 chini ya kamera. Sauti inavuka umbali huo kwa zaidi kidogo ya elfu moja ya sekunde. Muda wote mwingine ambao mama alikuwa anausubiri ulitumika njiani, kwenda na kurudi kwenye mtandao. Kwa hiyo mtandao unaamua mwangwi ufike lini, hauuzai. Ni kweli ukifika haraka sana sikio haliutengi na sauti yako, na ukichelewa unakukatisha kauli, ndiyo maana lawama inauangukia mtandao. Lakini bando kubwa haliondoi honi mbele ya maiki.

Nilichokikuta ni hiki. Honi ilikuwa chini ya upenu wa bati, ikitazama ukuta wa tofali, kwa hiyo sauti iligonga ukuta na bati na kurudi kwenye maiki. `Input Volume`, yaani usikivu wa maiki, ilikuwa 90, `Output Volume`, yaani sauti ya spika, 100, na kitufe cha apu, ile amplifaya inayoisukuma honi, kimezungushwa hadi mwisho. `Echo Cancellation`, mpangilio wa kufuta mwangwi, ilikuwa imewashwa, na mama alishangaa kwa nini haisaidii. Mpangilio huo unafanya kazi kwa hesabu ya kutoa: kamera inajua sauti gani imeipeleka kwenye spika, basi inaitoa kwenye kile ambacho maiki imedaka. Apu ikilazimishwa kupita uwezo wake, sauti inatoka imekwaruzika, si ile tena kamera iliyoipeleka, na hesabu haitoki. Ndivyo inavyokuwa pia kwa mtu anayefunga spika ya pembeni yenye waya wake wa mtandao. Kamera haijui hiyo spika inasema nini, haina cha kutoa.

Nilianza na mahali, si mipangilio. Honi niliihamishia nguzo ya pili ya geti, mita 3 kutoka kwenye kamera, ikitazama barabarani, mgongo wake ukielekea maiki. Apu niliirudisha mpaka mkwaruzo ukaisha. `Output Volume` niliiweka 60. `Input Volume` niliishusha hadi 45, kisha nikamwomba mlinzi aongee kwa sauti yake ya kawaida akiwa mita mbili, ili nihakikishe anasikika bado. Ukishusha mno unaua mwangwi pamoja na mlinzi. Mama alijaribu kutoka Mwanga, akasikia mlinzi tu.

Kama nafasi isingeruhusu kutenganisha, ningemwekea kuongea kwa zamu, kama redio ya upepo: ukishika kitufe, kamera inafunga maiki yake. Mwangwi unakosa njia, lakini mlinzi hawezi kukukatiza hata kama ana la haraka.

Jioni mama alikuja mwenyewe stoo, akasimama chini ya kamera, akafungua simu, akasema "haloo". Ikajibu "haloo", ikajibu tena kwa nguvu, mara ya nne ikawa mlio hadi mlinzi akaziba masikio.

"Fundi, mwangwi umerudi!"

"Hapana mama, huo sasa ndio mrejesho. Kamera inadaka sauti ya spika ya simu yako, na spika hiyohiyo inaitoa tena. Zima spika ya simu, au sogea kule ndani."

Alizima, pakatulia.