Ile alama mkononi si kadi ya chanjo

Wiki jana tena. Fundi wa kuchomelea vyuma hapa Kibuye, mzaliwa wa 1994, amekatwa na bati kiganjani, anaingia ananiambia, "Sista, nipige tu busta ya pepopunda, chanjo za utotoni nilimaliza, ona," halafu ananyoosha mkono wa kushoto anionyeshe kale kakovu chini ya kiwiko. Kadi yake ilipotea wakihama nyumba, aliyempeleka kliniki ni nyanya yake na nyanya hayuko tena.

Jamani, hiyo alama ni ya BCG. Ni chanjo ya TB, mtoto anadungwa akizaliwa, basi. Inaonyesha siku moja kuna mtu alikudunga ukiwa mchanga, haisemi kama mama alirudi wiki ya 6, ya 10 na ya 14 kwa ile yenye pepopunda. Na kina mama wengi hawakurudi kwa sababu zinazoeleweka kabisa, kliniki ilikuwa mbali na shamba lilikuwa linangoja.

Sasa hili neno busta ndilo linaniudhi zaidi. Busta ni kuamsha kinga ambayo tayari iko. Mwili ambao haujawahi kufundishwa kujua pepopunda, dozi moja inaupa kinga kidogo sana, pengine hakuna. Dozi ya pili ndiyo inaleta kinga ya kutegemewa, na hiyo pia inaisha baada ya miaka michache kama hukuendelea. Kwa hivyo mtu asiye na rekodi tunamhesabu kama hajachanjwa, anaanza mwanzo. Kumbukumbu za "nadhani nilidungwa" sizihesabu. Lakini kina mama, ile kadi ya kliniki ya mimba tafadhali itafuteni, dozi za pepopunda zilizoandikwa pale zinahesabiwa.

Huyu fundi tulianza na Td, yaani pepopunda na dondakoo kwa sindano moja. Kidonda chake kilikuwa kidogo na kisafi, kingekuwa kirefu chenye udongo ningetafuta pia ile kinga iliyo tayari, imunoglobulini, kwa sababu chanjo yenyewe inachukua wiki kadhaa kufanya kazi na kidonda hakingoji.

Ya pili ni hepataitisi B, na hapa ndipo watu hushtuka. Hata angekuja na kadi imejaa kila mahali bado ningemwambia aanze hii, kwa sababu hapa Kenya iliingia kwa ratiba ya watoto mwaka 2001 ndani ya ile pentavalenti, chanjo tano kwa sindano moja. Yeye alikuwa ashakuwa mtoto wa shule. Nilimpima damu kwanza, maana kama virusi viko tayari chanjo haimsaidii, anahitaji kufuatiliwa ini. Hakuwa navyo.

Ya tatu ni surua na rubela. Wakati wake ratiba ilikuwa na dozi moja tu ya surua, akiwa na miezi 9, na hata hiyo hatuna uhakika kama aliipata. Hii ni chanjo hai, kwa hivyo mjamzito hapewi, na mtu ambaye kinga yake iko chini sana, mfano HIV ambayo haijadhibitiwa, tunangoja kwanza.

Zote tatu zinaweza kudungwa siku moja, sehemu tofauti. Atarudi wiki 4 baadaye kwa hizo tatu tena, surua na rubela itaisha hapo. Halafu miezi 6 baada ya hiyo anakuja kwa Td ya tatu na hepataitisi ya tatu pamoja. Ratiba ya kawaida ya hepataitisi inasema mwezi wa 6, mimi nimeisukuma mwezi wa 7 ili asafiri mara moja, kuchelewa hakuharibu kitu kukaribiana ndiko kunaharibu. Na akikosa tarehe haanzi upya, tunaendelea tulipoachia. Baadaye anaongeza Td mbili, kila moja ikipita angalau mwaka, zifike tano.

Kuna kitu kinanisumbua lakini. Pengine huyu kijana kweli alimaliza pentav... hapana, ya zamani, ile ya tatu kwa moja yenye pepopunda, na mimi namrudishia pepopunda bure. Mtu aliyedungwa Td nyingi karibu karibu mkono unaweza kuvimba vibaya kutoka bega hadi kiwiko, nimeona. Kwa hivyo namuuliza kila mtu: mara ya mwisho ulishonwa lini, na ulidungwa? Akinijibu mkono ulivimba sana dozi ya kwanza, nasimama hapo kwanza, kama kuna maabara inapima kinga ya pepopunda na pesa iko namtuma kabla ya kuendelea. Wengi pesa haiko, na hepataitisi ya mtu mzima tayari amenunua mwenyewe, basi naamua kwa maelezo yake tu.

Kadi yake mpya nilimwambia aipige picha kabla hajatoka mlangoni.