Go kwa anayeanza: usimtupe kwenye ubao mkubwa kabla hajajua kuhesabu pumzi

Nimefundisha Go, ule mchezo wa ubao wa kuzingira maeneo kwa kete nyeusi na nyeupe, watoto wa dada yangu na majirani kadhaa, na karibu kila mtu anakuja na mawazo yaleyale kichwani, mengi yanatoka kwenye drafti. Sio kosa lao. Ila yasiporekebishwa mapema mtu anacheza wiki nzima akidhani anaelewa kumbe bado.

Dhana: Ubao halisi ni wa mistari 19 kwa 19, sasa kwa nini nipoteze muda na kadogo?

Ukweli: huo mkubwa una makutano 361. Anayeanza anaweka kete pale, anaweka huku, kete thelathini zishawekwa na hakuna hata moja iliyogusana na ya mwenzake kwa maana yoyote, halafu anauliza "sasa tunafanya nini?" na wewe huna jibu fupi. Ubao wa 9 kwa 9 una makutano 81 tu, ugomvi unaanza mapema sana na gemu inaisha dakika chache, kwa hiyo kwa jioni moja mtu anacheza gemu kumi na anakosea mara kumi. Mjapani Yasuda Yasutoshi, mchezaji wa kulipwa wa dan 9, yaani daraja la juu kabisa, alizunguka sana akifundisha watoto kwa njia hii: ubao mdogo, na anayekula kete ya kwanza ndiye mshindi. Basi. Hakuna kuhesabu maeneo, hakuna mambo mengine.

Mimi nachora kwenye boksi kwa rula, mistari 9 kwenda na 9 kushuka, maharage mekundu ndio kete nyeusi na mahindi meupe ndio nyeupe. Nataja nafasi kwa herufi kutoka kushoto, A mpaka J (herufi I inarukwa), na namba kutoka chini, 1 mpaka 9. Na la kwanza kabisa, kete inakaa pale mistari inapokutana, sio ndani ya kiboksi kama drafti, na ikishawekwa haisogei tena mpaka iliwe.

Dhana: Kete inapumua pande zote nane

Hii ndo inasumbua kuliko zote. Ukweli ni kwamba kete inapumua kwa kufuata mistari tu: juu, chini, kushoto, kulia. Mshazari hauhesabiwi. Wachina wenyewe hizi nafasi wazi wanaziita chi, yaani pumzi, na mimi nimechukua neno hilohilo kwa sababu mtoto analielewa bila maelezo. Kete katikati ina pumzi 4, pembeni 3, kwenye kona 2. Zikizibwa zote na adui, inatoka ubaoni.

Halafu inakuja shida ya pili. Kete mbili za rangi moja zikikaa jirani kwenye mstari zinakuwa kundi moja, zinaishi pamoja na kufa pamoja, na wengi wanasema "nne na nne, nane". Hapana, kila moja imekalia pumzi moja ya mwenzake, zinabaki 6. Tatu kwenye mstari ulionyooka zina 8. Sasa zikunje hizo tatu ziwe kama kiwiko: zina 7, kwa sababu ile nafasi ya ndani ya kiwiko inaguswa na kete mbili lakini inahesabiwa mara moja. Ninachofanya namwambia aweke kidole kwenye kila nafasi wazi inayogusa kundi na asikirudishe pale kilipokwishapita. Asitaje kete, ataje nafasi. Ukimuona anagusa kete huku anahesabu ujue jibu litakuwa sio.

Dhana: Ukibaki na pumzi moja, kimbia tu

Kundi likibaki na pumzi moja Wajapani wanasema atari. Kwetu neno linakaa vizuri masikioni maana linafanana na hatari, ingawa hayana undugu, na hakuna mwanafunzi wangu aliyewahi kulisahau. Ila akishalijua anaanza kukimbia kila mara bila kuangalia anakokimbilia.

Chukua nyeupe iliyopo E5, nyeusi zipo D5, E6 na F5. Imebaki E4. Nyeupe ikiongeza E4 kundi linapata pumzi tatu: D4, F4 na E3. Hapo kukimbia kulikuwa na faida.

Sasa shusha picha yote hiyo mpaka chini. Nyeupe ipo E2, nyeusi D2, F2 na E3, pumzi iliyobaki ni E1. Nyeupe ikikimbilia E1 inapata D1 na F1, mbili tu, kwa sababu chini ya hapo ubao umeisha. Nyeusi inaweka D1, atari tena. Nyeupe inaongeza F1, na hapo muulize mtoto ahesabu kabla hujagusa kitu: juu yake kuna nyeusi ya F2, kushoto ni kete yake mwenyewe, imebaki G1 peke yake. Nyeusi inaweka G1, kete tatu zinatoka kwa mpigo. Yaani angeiacha ile ya kwanza angepoteza moja na angecheza mara mbili kwingine. Mfano huu nauchezesha mara tatu nne, nikibadilisha rangi ili naye awe mlaji, na siku anapouacha mwenyewe bila kuambiwa ndo najua kuhesabu kumeingia.

Dhana: Huwezi kuweka kete sehemu isiyo na pumzi, hata iweje

Nusu ni kweli. Kwa sheria za Japani na za China huruhusiwi kujiziba pumzi mwenyewe. Lakini mpangilio ni huu: ukiweka kete, unatoa kwanza za adui zilizoishiwa pumzi, ndipo unaangalia zako. Nyeupe zipo A2 na B1, nyeusi A3 na B2, kona A1 ni tupu. Nyeusi ikiingia kona inaonekana imejiua, ila A2 nayo imeishiwa pumzi, inatoka, na nyeusi inapumua kupitia pale ilipotoka. Mpinzani ataona na yeye anaweza kurudi A2 akaila palepale, na ndo maana gemu ya kula moja inasaidia, imeshaisha kabla hamjaingia kwenye sheria ya ko inayozuia kulanalana bila mwisho. Hiyo itafundishwa baadaye.

Dhana: Gemu ya kula itamharibu, atajua kufukuza tu

Ingekuwa kweli kama ungembakiza kwenye kete moja. Akianza kukushinda, pandisha, mshindi awe wa kete tatu, halafu tano. Na weka sharti kwamba hakuna kupita zamu. Hapo kinatokea kitu ambacho sijawahi kulazimika kukieleza: wote wamejilinda, hakuna wa kuliwa, kila mtu anajaza nafasi za ndani mwake ili asiingie kwa adui, na mwenye nafasi chache zinamwishia kwanza, analazimika kuziba pumzi zake mwenyewe na analiwa. Mtoto wa dada alipolipata hilo alinyamaza, akahesabu zangu, akahesabu zake, akasema "mjomba, wewe una nyumba kubwa". Gemu iliyofuata alianza kujenga ukuta badala ya kunifukuza. Baada ya hapo tulihamia mistari 13, na ule wa 19 aliuomba mwenyewe.