Akiba ya mafuta Marekani imeongezeka, mbona bei ya pampu haijashuka?

Malalamiko yanayotufikia siku hizi yanafanana: Jumatano imetangazwa kuwa akiba ya mafuta Marekani imeongezeka, Alhamisi mwananchi anafika kituoni na kukuta bei ileile, basi anahitimisha kuwa ameibiwa.

Ripoti hiyo ya EIA, taasisi ya serikali ya Marekani ya takwimu za nishati, kwa kawaida hutoka kila Jumatano saa 11:30 jioni kwa saa za Tanzania, au 12:30 jioni wakati Marekani iko kwenye majira ya baridi. Hesabu yake hufungwa Ijumaa iliyotangulia, na usiku wa Jumanne chama cha kampuni za mafuta, API, huwa kimeshatoa makadirio yake. Kwa hiyo Jumatano soko halisubiri habari. Linasubiri kuona kama lilikisia sawasawa. Tuseme wafanyabiashara walitarajia akiba ipungue kwa mapipa milioni 2, ripoti ikasema imepungua milioni 1. Akiba imepungua kweli, lakini bei huenda ikashuka, kwa kuwa upungufu ule mkubwa ulishaingizwa kwenye bei. Anayesoma kichwa cha habari tu hawezi kuliona hili.

Mengi zaidi yamo ndani ya ripoti. Mafuta ghafi yanaweza kujaa kwa sababu viwanda vya kusafisha vimesimama kwa matengenezo, na viwanda vikisimama, petroli na dizeli hupungua. Ghafi inashuka bei, dizeli inapanda, wiki hiyohiyo. Tanzania haiagizi ghafi, inaagiza mafuta yaliyokwisha kusafishwa. Tunaomba hili lizingatiwe, maana tumelieleza mara nyingi.

Kuna wakati namba ya akiba hutikisa soko kweli, hasa matangi yanapokaribia kujaa. Aprili 2020, watu wakiwa wamejifungia majumbani kwa sababu ya korona, ripoti moja ilionyesha ongezeko la mapipa milioni 19 kwa wiki. Mafuta ya soko la Marekani hukabidhiwa Cushing, Oklahoma, na nafasi iliyobaki huko ilikuwa imeshakodishwa. Tarehe 20, aliyeshika mkataba wa kupokea mafuta Mei bila kuwa na tangi alilazimika kumlipa mwingine ayachukue: bei ilifungwa dola 37.63 chini ya sifuri kwa pipa.

Hata hapo, pampu zetu hazikugawa mafuta bure. Bei kikomo hutangazwa Jumatano ya kwanza ya mwezi, na hukokotolewa kwa wastani wa bei za soko la Ghuba ya Uarabuni kwa shehena zilizonunuliwa kabla, kisha huongezwa usafiri, kodi na tozo, na thamani ya shilingi kwa dola nayo huingia kwenye hesabu.

Kituo kikiuza juu ya bei kikomo, hilo ni kosa na adhabu ipo. Dai risiti ya kielektroniki, iwe na jina la kituo, tarehe, aina ya mafuta, lita na bei ya lita moja, kisha piga picha bango la bei. Bila risiti, lalamiko ni gumu kulithibitisha.