Pensheni iliyoingia baada ya mazishi ni ya nani?

Kwenye mazishi mengi huku kwetu, kabla watu hawajatawanyika, husimama mtu wa familia akatangaza: anayemdai marehemu ajitokeze, na anayedaiwa na marehemu naye aseme. Wenye duka hujitokeza, na aliyeazima baiskeli hukiri. Mfuko wa pensheni haupo pale makaburini. Haujui kwamba mstaafu wake amezikwa leo Newala, na mwezi ujao utamlipa kama kawaida.

Fedha hiyo ndiyo huitwa malipo ya ziada, au malipo yasiyostahili. Maana yake ni pensheni iliyolipwa kwa mtu ambaye siku ile ya malipo hakuwa tena na haki nayo, au alikuwa na haki ya kiasi kidogo kuliko alichopewa. Haijalishi ni nani alikosea. Karani akikosea hesabu ni malipo ya ziada, na familia ikichelewa kutoa taarifa ni malipo ya ziada vilevile. Tofauti huja baadaye, kwenye swali la nani arudishe na kwa namna gani.

Hapo ndipo familia nyingi hujikwaa, kwa sababu huiweka fedha hiyo kwenye kapu moja na madeni ya marehemu. Pensheni ya kila mwezi hulipwa kwa mtu aliye hai. Akifa leo, haki ile inakoma, na kama wapo wategemezi wanaotambuliwa na sheria ya mfuko, wao wana fao lao linaloombwa upya kwa fomu zake. Kwa hiyo fedha iliyoingia benki mwezi unaofuata haikuwahi kuwa ya marehemu hata kwa dakika moja. Haiwezi kuwa deni lake, maana maiti hakopi. Haiwezi kuwa mirathi, maana hakuiacha. Ni fedha ya mfuko iliyokaa kwenye akaunti isiyo na mwenyewe, na atakayeitoa ndiye atakayedaiwa. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, inamtaka aliyelipwa fedha kwa makosa airudishe.

Tuchukulie mfano. Mwalimu mstaafu wa Newala alikuwa akilipwa pensheni ya shilingi 420,000 kwa mwezi. Aliugua, akapelekwa hospitali ya Ndanda, akafariki tarehe 28 Machi. Pensheni ya Machi ilikuwa imeshaingia, na kwenye akaunti kulikuwa na akiba yake ya shilingi 310,000. Kadi ya benki alikuwa nayo mjukuu, kwa sababu miaka miwili ya mwisho babu hakuweza tena kwenda mjini na yeye ndiye aliyemtolea fedha. Namba ya siri aliijua kwa kichwa.

Aprili fedha ikaingia. Mjukuu akatoa, ikasaidia chakula cha arobaini. Mei ikaingia, akatoa. Juni ikaingia, akatoa, ikalipa ada ya mdogo wake. Hakuna aliyeona kuna wizi. Bibi mwenyewe alisema, "Babu yenu bado anatulisha." Julai ikaingia, lakini mjukuu alikuwa shambani kwenye mikorosho, hakwenda mjini. Agosti haikuingia. Muda wa uhakiki ulikuwa umefika, mstaafu hakujihakiki, na mfuko ukasimamisha malipo.

Hesabu yake ni hii. Malipo ya ziada ni miezi 4, Aprili hadi Julai, jumla shilingi 1,680,000. Zilizobaki benki ni 420,000 za Julai pamoja na akiba ya 310,000 (makato madogo ya benki tuyaache kando). Ile 420,000 ni ya mfuko. Ile 310,000 ni mirathi halali, nayo ni ya warithi wote. Zilizotumika ni 1,260,000, na hizo ndizo zinazozua maneno.

Mfuko huanza na palipo rahisi. Hatua ya kwanza ni kuiandikia benki ili kilichobaki kwenye akaunti kizuiwe na kirudishwe. Ndiyo maana ndugu wanaweza kufika dirishani wakaambiwa akaunti imefungwa, wakadhani benki imewadhulumu. Ya pili ni barua ya madai kwa familia au kwa msimamizi wa mirathi, yenye miezi na kiasi. Ya tatu, ambayo wengi hawaitarajii, ni kukata kwenye fao la wategemezi kabla halijalipwa. Kwenda mahakamani huja mwisho, kwa kuwa ni gharama kwa pande zote, ingawa aliyetoa fedha kwa kadi ya marehemu huku akijua amefariki anaweza kukuta jambo lake limekuwa la jinai badala ya madai ya kawaida.

Ile njia ya tatu inahitaji macho. Tuseme fao la mjane lilikuwa liwe shilingi 6,000,000. Likikatwa 1,260,000 anabaki na 4,740,000. Aliyetoa fedha ni mjukuu, aliyelipa ni bibi. Mfuko umepata haki yake na hauna la zaidi. Lakini ndani ya nyumba kuna deni jipya ambalo halijaandikwa popote, na kwa jamii zetu za kusini, ambako wajomba bado wana kauli kubwa juu ya mali ya ukoo, deni lisiloandikwa huzungumzwa kwenye kila msiba kwa miaka kumi. Msimamizi mwenye akili hukaa na familia mapema: sehemu iliyokwenda kwenye arobaini inabebwa na wote waliokubaliana shughuli ifanyike, na iliyokwenda kwenye ada inakatwa kwenye fungu la waliofaidika. Yaandikwe, watu waweke saini au dole gumba.

Nasikia sana utetezi wa aina mbili. Mmoja husema, "Marehemu mwenyewe aliniruhusu kutumia kadi." Ruhusa hiyo ilikuwa ya kweli, lakini uwakala wa namna hiyo, uwe wa mdomo au wa hati iliyosainiwa kwa wakili, hukoma siku aliyeutoa anapofariki. Mwingine husema, "Hatukuiona hiyo fedha, benki iliikata kwenye mkopo wa marehemu." Hili hutokea kweli, maana mikopo ya wastaafu hukatwa pensheni inapoingia tu. Hapo familia isikubali wala isikatae kwa mdomo. Ichukue taarifa ya akaunti inayoonyesha makato yalifanyika baada ya tarehe ya kifo, iipeleke mfuko na benki kwa barua, na iulize kama mkopo ule ulikuwa na bima ya kifo. Ukiwa na bima, benki haikuwa na sababu ya kuendelea kukata.

Sasa yule mjukuu na bibi yake walipaswa kufanya nini tangu Machi 28? Kwanza kadi iwekwe kando, isitumike hata kuangalia salio. Kisha kifo kisajiliwe. Sheria inataka kisajiliwe ndani ya siku 30. Aliyefia hospitali, karatasi ya kuanzia hutoka hospitalini. Aliyefia nyumbani, huanza kwa mtendaji wa kijiji au mtaa. Cheti chenyewe hutolewa na RITA, ambao kwa wilayani hupatikana kwenye ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Angalizo moja la huku kwetu: mtu wa Nachingwea, mkoa wa Lindi, anaweza kufia Ndanda, ambako ni Masasi, mkoa wa Mtwara. Ulizeni mapema hospitalini usajili unafanyika wilaya ipi, kuliko kupanda basi mara tatu.

Lakini taarifa kwa mfuko isisubiri cheti. Hapa ndipo miezi inapopotea: familia husubiri cheti, halafu kikao cha ukoo, halafu mahakama, na kila mwezi malipo ya ziada yanaongezeka. Barua ya ukurasa mmoja inatosha kusimamisha malipo. Iandikwe jina kamili la mstaafu, namba yake ya pensheni, tarehe ya kifo, na jina na simu ya mtu wa kuwasiliana naye. Iambatishwe nakala ya kibali cha mazishi. Kwa watumishi wa umma mfuko ni PSSSF, ulioanza kazi mwaka 2018 kwa kuunganisha PSPF, LAPF, PPF na GEPF, hivyo mzee aliyestaafu zamani akiwa LAPF faili lake liko huko. Wa sekta binafsi huwa NSSF. Nakala ya pili ya barua igongwe muhuri wa kupokelewa, mbaki nayo. Tarehe ya muhuri huo ni kinga: malipo yakiendelea kuingia baada yake, hakuna wa kuwaambia mlificha.

Msimamizi wa mirathi huteuliwa na mahakama, na kwa wengi wetu ni Mahakama ya Mwanzo. Yeye ndiye anayejaza orodha ya mali na madeni kwenye Fomu Na. 5 ndani ya miezi 4, na baadaye hesabu ya mgawanyo kwenye Fomu Na. 6. Katika mfano wetu, akiandika kwamba benki kuna 730,000, ameshakosea. Aandike 310,000, na ile 420,000 aieleze kuwa ni ya kurejeshwa.

Malipo ya ziada kwa mtu aliye hai ni hadithi nyingine na fupi zaidi. Hutokea pensheni ilipokokotolewa kwa mshahara usio sahihi, au mtoto aliyekuwa akilipwa kama mtegemezi alipovuka umri na hakuna aliyesema. Hapo anayelipwa huwa bado yupo, na mfuko hukata kidogo kidogo kwenye malipo yajayo. Akifariki kabla deni hilo halijaisha, kilichobaki ndicho deni halisi la marehemu: linalipwa kutoka mali yake kabla ya kugawa, na mrithi hatakiwi kutoa mfukoni mwake zaidi ya kilichoachwa.

Katika hali zote, kabla ya kulipa, ombeni mchanganuo wa mwezi kwa mwezi na muulinganishe na taarifa ya akaunti. Kama kiasi ni kikubwa, andikeni kuomba kulipa kwa awamu, mkitaja kiasi mnachokimudu na miezi mnayoweza, mathalani baada ya minada ya korosho. Na akipiga simu mtu anayetaka "fedha ya marehemu" irudishwe kwenye namba yake ya simu, huyo ni tapeli. Marejesho kwa mfuko wa umma hulipwa kwa kontrol namba, na stakabadhi yake inakaa pamoja na Fomu Na. 6.