Maana ya hali salama kwenye simu, na sababu ya simu kukwama humo

Hali salama ni namna ya kuwaka kwa simu ya Android ambapo mfumo huendesha programu zilizokuja na simu kutoka kiwandani peke yake, huku zile zote ulizopakua baadaye zikizuiwa zisifanye kazi. Kwa kawaida utaitambua kwa maandishi "Safe mode" yanayokaa kwenye pembe ya chini ya kioo, na kwa alama za programu zilizofifia au kutoweka. Hakuna programu iliyofutwa. Mfanyabiashara wa Kibuye, Kisumu, ambaye simu yake imeingia katika hali hii, ataona programu ya M-PESA aliyoipakua haifunguki, lakini bado anaweza kupiga *334# au kutumia menyu ya laini, kwa kuwa hizo hazitegemei kitu alichopakua.

Kuna njia mbili za kawaida za kuingia humo. Ya kwanza ni kufungua menyu ya kuzima simu na kushikilia maandishi "Power off" hadi simu iulize kama unataka hali salama. Ya pili ni kushikilia kitufe cha kupunguza sauti wakati simu inapowaka. Kutoka ni rahisi zaidi, kwani kuizima simu na kuiwasha upya kunatosha, na hapa ndipo kilipo kiini cha jambo: simu inayorudi katika hali salama kila inapowashwa huwa imepokea upya amri ya kuingia humo, na mara nyingi amri hiyo hutoka kwenye kitufe. Programu zilizopakuliwa si za kushukiwa kwanza, maana wakati huo zimezuiwa.

Tuchukue mfano wa mwendesha bodaboda wa Nakuru ambaye simu yake hubanwa kwenye kishikio cha usukani kutwa nzima, ikipigwa na vumbi na mvua. Betri inakwisha, anaichaji, na inapowaka inaonyesha "Safe mode"; anaiwasha tena na hali ni ile ile. Jambo la kwanza ni kuitoa kwenye kishikio na kuivua kava, kwa sababu taya za kishikio au mpira wa kava uliojikunja unaweza kukibonyeza kitufe bila mtu kuona. Kisha aiwashe upya ikiwa mezani, pasipo kugusa pembeni. Ikiwaka kawaida, kosa lilikuwa la kishikio au kava, naye anahitaji tu kuisogeza simu ili taya zisiguse vitufe.

Isipowaka kawaida, aangalie dalili za kitufe chenyewe. Kitufe kilichokwama hushusha sauti hadi mwisho bila kuguswa, na sauti ikipandishwa hushuka tena. Kwenye simu nyingi, kubonyeza kitufe cha kuwasha peke yake hupiga picha ya kioo, kwa kuwa simu inadhani vitufe viwili vimebonyezwa pamoja. Simu izimwe, ukingo wa kitufe usuguliwe kwa mswaki mkavu na laini, kisha kitufe kibonyezwe mara kadhaa ili uchafu uachie. Kikiwa kinabonyea na kurudi vizuri lakini dalili zingalipo, huenda unyevu umeunganisha nyaya zilizo chini yake, na hiyo ni kazi ya fundi kuifungua simu na kubadilisha waya bapa wa vitufe. Nasisitiza kwamba mtu asikubali simu irudishwe katika hali ya kiwandani kabla ya kitufe kukaguliwa: picha na jumbe zisizohifadhiwa kwingine zitapotea, na kitufe kitabaki kimekwama vile vile.

Programu mbovu hushukiwa katika hali tofauti, yaani pale simu inapotulia ndani ya hali salama lakini ikitoka humo inaganda au kujizima. Hapo anza na programu iliyowekwa karibuni zaidi kabla ya tatizo, hasa iliyotumwa kama faili badala ya kupakuliwa dukani. Ifute, washa simu kawaida, uitumie kwa muda, ndipo uende kwa inayofuata. Ukifuta nyingi kwa pamoja hutajua ni ipi iliyokuwa na kosa. Ikiwa kitufe cha kufuta hakibonyezeki, huenda programu hiyo imepewa mamlaka ya msimamizi wa kifaa, na ni lazima uyaondoe kwanza kwenye mipangilio ya usalama.

Kipimo hiki kina mpaka wake. Tatizo likiendelea hata ndani ya hali salama, basi limo katika betri, katika kifaa kingine cha ndani, au katika programu za mfumo wenyewe. Machi 2021, toleo bovu la Android System WebView, ambayo ni sehemu ya mfumo, lilizifanya programu nyingi duniani zijifunge zenyewe, na dawa ilikuwa kusasisha sehemu hiyo pamoja na Chrome. Aliyefuta programu alizopakua hakuwa amegusa chanzo.