Nilimwona simba, au simba aliniona? Kazi ya mpangilio wa maneno katika lugha tenganishi

Waongoza watalii wa hapa Arusha wanaojifunza Kichina hulalamikia kwanza matamshi, kwa sababu ya toni zake, lakini kwa uzoefu wangu wa kufundisha isimu, toni si kikwazo chao kikubwa. Kinachowasumbua kwa muda mrefu zaidi ni mazoea ya Kiswahili, ambayo humfanya mzungumzaji atafute ndani ya kitenzi mambo ambayo Kichina hakiyaweki humo.

Tuchukue neno moja tu, «nilimwona». Ndani yake mna ni- ya mtenda, -li- ya wakati uliopita, -mw- ya anayetendwa, mzizi -on- na kiishio -a. Vipande vyote vitano vinatenganika bila shida, na kila kimoja kina kazi yake, ndiyo maana wanaisimu hukiita Kiswahili lugha ambishi bainishi. Kilatini nacho hutumia viambishi, ila hukizidishia kiambishi kimoja mzigo. Katika «leonem vidi», yaani «nilimwona simba», ile -i ya mwisho inabeba nafsi ya kwanza, umoja na kukamilika kwa tendo, vyote kwa pamoja, na huwezi kuikata ukapata kipande cha nafsi peke yake. Lugha ya namna hiyo huitwa ambishi mchanganyo.

Kichina, ambacho huitwa lugha tenganishi kwa kuwa maneno yake husimama bila viambishi vya namna hiyo, husema «wǒ kànjiàn le shīzi»: mimi, ona, kijineno le, simba. Kitenzi hakikuguswa, na hakuna kinachoonyesha nani amemwona nani isipokuwa nafasi ya kila neno. Ukisema «shīzi kànjiàn le wǒ», simba ndiye aliyekuona wewe, ingawa wǒ haijabadilika hata herufi moja. Kilatini kingelazimika kubadili maumbo: leonem angerudi kuwa leo, na «mimi» angekuwa me. Kwa Kiswahili, hata ukimtanguliza simba ukasema «simba nilimwona», viambishi vinakulinda na hakuna atakayedhani kwamba simba ndiye aliyeona.

Hii haina maana kwamba maneno ya Kichina yamegandishwa mahali pamoja. Mchina anaweza kuanza na simba akasema «shīzi wǒ kànjiàn le», na hapo mtenda ni wǒ, aliye karibu na kitenzi. Njia nyingine ya kuanza na aliyeonwa ni kutumia kijineno bèi: «wǒ bèi shīzi kànjiàn le», yaani «nimeonwa na simba». Kazi ambayo Kiswahili kimempa -w- ndani ya kitenzi, Kichina kimeipa neno linalosimama peke yake mbele ya mtenda.

Kijineno kinachokosewa zaidi ni le. Mwanafunzi anaambiwa siku ya kwanza kwamba ni alama ya wakati uliopita, na kuanzia hapo anakipachika kila mahali penye -li-. Ukweli ni kwamba le inayofuata kitenzi huonyesha tendo kukamilika, liwe la jana au la kesho. Kwa hiyo mwongozaji anaweza kuwaambia wageni wake «míngtiān wǒmen kànjiàn le shīzi jiù huí jiǔdiàn», yaani «kesho tukishamwona simba tutarudi hotelini», na le ipo ijapokuwa simba hajaonekana bado. Hapo inakaribia zaidi -sha- yetu kuliko -li-. Kwa upande mwingine, «jana nilikuwa nimechoka sana» ni «zuótiān wǒ hěn lèi», bila le, kwa kuwa jana imeshataja wakati na kuchoka ni hali, si tendo lililofikia kikomo. Ukikanusha «nilimwona», le huondoka na méi huja mbele ya kitenzi: «wǒ méi kànjiàn shīzi». Anayesikika akiweka méi na le pamoja katika sentensi kama hiyo, mara nyingi anatafsiri kutoka lugha yake mwenyewe.

Hapo kwenye ukanushi Kiswahili nacho kinajifichua. Katika «sikumwona» huwezi kuitenga ni- na ukanushi, kwa maana si- imevimeza vyote viwili, sawasawa na tabia ya Kilatini. Kwa hiyo makundi haya ni ngazi zaidi kuliko vyumba vyenye kuta. Mwanaisimu Mmarekani Joseph Greenberg alilipima jambo hili mwaka 1954 kwa kuhesabu mofimu, yaani vipande vyenye maana kama vile vitano vya «nilimwona», katika vifungu vya maneno mia moja: Kivietinamu kilipata mofimu 1.06 kwa neno, Kiswahili 2.55 na Kisanskriti, lugha ya kale ya India iliyo ambishi mchanganyo kama Kilatini, 2.59. Kwa wingi wa mofimu, Kiswahili na Kisanskriti vinalingana karibu kabisa. Tofauti ilijitokeza alipopima jinsi mofimu zinavyoungana bila kuharibiana maumbo, ambapo Kiswahili kilipata 0.67 na Kisanskriti 0.09 tu.