Hakuweka moyo, basi hakupendi? Emoji, jinsia na utafiti unaosomwa kombo

Wanaokuja kwangu kuzungumzia ndoa na uchumba huja na simu mkononi, na mazungumzo ya miezi kadhaa yakiwa ushahidi. Hilo silipingi. Kinachonichosha ni kauli inayofuata. "Mshauri, si utafiti umesema wanaume hawatumii emoji? Mbona huyu wangu meseji zake zimejaa mioyo? Kajifunzia kwa nani?" Baada ya siku chache anakuja mwingine na kauli ileile, ila ameigeuza: "Mwanamke gani haweki hata emoji moja? Ameshanichoka huyu." Utafiti ni mmoja, hukumu ni mbili na zinapingana, na hakuna hata moja kati yake ambayo utafiti uliitoa.

Dhana: "Wanawake hutumia emoji zaidi, kwa hiyo emoji za mtu zinanionyesha hali yake"

Nusu ya kwanza ya dhana hii ina msingi, kwa hiyo nianze nayo. Utafiti mkubwa unaotajwa sana ni wa mwaka 2018, uliofanywa na Zhenpeng Chen na wenzake kwa kutumia takwimu za kibodi ya simu za Android iitwayo Kika. Walikuwa na watumiaji 134,419 kutoka nchi 183, na meseji zipatazo milioni 401. Waligundua kwamba katika kila meseji 100 za wanawake, karibu 8 zilikuwa na emoji. Kwa wanaume, karibu 7.

Nane kwa saba. Hiyo ndiyo "zaidi" iliyozunguka kwenye vichwa vya habari mpaka ikafika ofisini kwangu ikiwa imevimba.

Tuifanyie hesabu. Chukua meseji 100 za wanawake na 100 za wanaume, zichanganye, ficha majina. Zenye emoji zitakuwa 15: nane za wanawake, saba za wanaume. Sasa chomoa moja kati ya hizo 15 bila kuangalia, useme, "Hii ni ya mwanamke." Utapatia mara 8 katika 15, yaani asilimia 53. Ungerusha sarafu ungepatia asilimia 50. Zile zisizo na emoji ni 185, na humo wanaume wana 93, wanawake 92. Mtu akikuletea meseji isiyo na emoji na kukuuliza ni ya nani, huna lolote la kumwambia. Na hapa tunakisia jinsia tu, ambayo ni swali jepesi. Wateja wangu wanataka emoji hizohizo ziwaambie kama mtu ana mapenzi, ana uchovu au ana mchepuko.

Watu huniuliza, kama tofauti ni ndogo hivyo, kwa nini watafiti waliitangaza? Waliitangaza kwa sababu ipo. Tofauti ikiitwa "muhimu kitakwimu", maana yake ni kwamba si rahisi kuwa imetokea kwa bahati tu. Neno hilo halisemi lolote kuhusu ukubwa wake. Ukiwa na meseji mamia ya milioni, hata tofauti ya kiduchu itapita mtihani huo, kwa sababu bahati haina tena nafasi ya kuificha. Kwa hiyo ukisoma matokeo ya utafiti wowote wa namna hii, usiishie kwenye "zaidi". Tafuta ni zaidi kwa kiasi gani, na kama hawakutaja, weka habari hiyo kando.

Wastani nao una siri yake. Nane katika mia haina maana kwamba kila mwanamke huweka emoji kwenye meseji nane. Ndani ya wastani huo yumo anayeweka tatu katika kila sentensi, na yumo ambaye hajawahi kuweka hata moja tangu anunue simu. Wanaume vivyo hivyo. Umbali kati ya mwanamke na mwanamke mwenzake ni mkubwa kuliko ile pengo ya meseji moja katika mia inayotenganisha makundi mawili. Mumeo si wastani wa wanaume wa nchi 183.

Halafu jiulize ni akina nani waliopimwa. Ni watu walioamua wenyewe kuweka kwenye simu kibodi iliyojitangaza kwa wingi wa emoji. Hao tayari ni wapenzi wa emoji, wake kwa waume. Mwanamume asiyejali mambo hayo hakuipakua, kwa hiyo hayumo kwenye hesabu. Tena tarakimu hizo za 8 na 7 ni za jumla: meseji ya kumbembeleza mpenzi na ya kumjibu fundi zinahesabiwa pamoja.

Msomaji makini atanikatiza hapa: watafiti haohao walitengeneza programu iliyokisia jinsia ya mtu kwa emoji zake, na ikafanya vizuri. Ni kweli. Lakini programu haikupewa meseji moja. Ilipewa mwenendo mzima wa mtu: ni emoji zipi anapendelea, zipi huzifuatanisha, mara ngapi. Tena ilifunzwa kwanza kwa watu wengi ambao jinsia yao ilijulikana. Dalili nyingi ndogo zikijumlishwa hutoa jibu ambalo dalili moja haiwezi kutoa. Wewe unayekesha na meseji moja ya saa nne usiku huna mwenendo mzima mbele yako.

Nikilazimishwa kutoa ushauri, na hulazimishwa kila wiki, nasema hivi: mlinganishe mtu na yeye mwenyewe. Chukua meseji zake 50 za miezi sita iliyopita na 50 za sasa. Zipange kwa aina, maana "nimefika" haikuwahi kuhitaji moyo. Linganisha salamu na salamu, utani na utani. Kama alikuwa akiweka emoji kwenye nusu ya utani wake na sasa haweki kabisa, una swali halali la kumuuliza. Ni swali, si jibu. Huenda amebadili simu, amehamia kazi anayoandikia kwa haraka, au kweli kuna jambo. Atakayejua ni yeye, na yuko hai, anaulizika.

Dhana: "Wanawake huzielewa emoji kuliko wanaume, imethibitishwa"

Hii ililetwa na utafiti wa Chuo Kikuu cha Nottingham uliochapishwa mwaka 2024. Washiriki walikuwa 523, wanawake 270 na wanaume 253, wa umri wa miaka 18 hadi 84, kutoka Uingereza na Uchina. Walionyeshwa emoji 24 za nyuso, zilizochorwa kwa mitindo ya Apple, Windows, Android na WeChat, wakaombwa kuchagua kila moja inaonyesha hisia gani kati ya sita. Wanawake walipatia zaidi kwenye furaha, woga, huzuni na hasira. Kwenye mshangao na kinyaa hapakuwa na tofauti.

Sasa tazama neno "kupatia". Kupatia huko ni kuchagua hisia ileile ambayo emoji ilikuwa imewekewa lebo. Hapakuwa na meseji inayoizunguka, wala mtumaji unayemfahamu, wala ugomvi wa jana. Utafiti huohuo ulionyesha kwamba vijana walipatia kuliko wazee, na Waingereza kuliko Wachina kwa sehemu kubwa ya hisia. Je, tuseme Wachina hawajui furaha? Uchina uso wa tabasamu hutumika sana kwa kejeli, na anayeujua kwa matumizi hayo hawezi kuutia kwenye kapu la furaha. Hajakosea, ila amejibu kwa mazoea ya kwao. Mtu akishaona hivyo kwa utamaduni, anapaswa kuwa na tahadhari ileile kwa jinsia. Huenda kinachopimwa ni nani amezoea matumizi yaliyoandikwa kwenye lebo, wala si nani ana moyo wa kuelewa wenzake.

Kwanza, hata watu wanaotazama picha ileile hawakubaliani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota walionyesha mwaka 2016 kwamba watu wawili wakitazama emoji moja iliyochorwa namna moja, karibu robo ya nyakati hutofautiana kama ni ya hali njema, ya kawaida au mbaya. Ongeza kwamba simu hazichori sawa: wakati huo 😁 kwenye iPhone ilifanana na mtu anayekenua kwa maumivu, ilhali kwenye simu nyingine ilikuwa furaha tupu. Kabla ya kumlaumu mume asiyeelewa, uliza anatumia simu gani.

Dhana: "Wanaume wanajua emoji mbili tu, kidole gumba na kicheko"

Mwaka 2012 ulitoka utafiti uliofuatilia simu za watu kwa miezi sita, enzi za alama kama :-) na ;-). Wanawake walituma nyingi zaidi, lakini wanaume ndio waliotumia aina nyingi zaidi. Mnaopenda kunukuu tafiti, nukuuni na huu. Ila mkumbuke kwamba meseji zilikuwa 158,098 na watu walikuwa 21 tu. Meseji elfu kumi za mtu mmoja bado ni mtu mmoja.

Zile tafiti za hojaji nazo, ambamo mtu huulizwa hutumia emoji mara ngapi, hupima kumbukumbu yake pamoja na anavyodhani anatakiwa awe. Mwanamume anayeona emoji ni mambo ya kike atajipunguzia bila hata kujua.

Dhana: "Ni maumbile tu"

Mwaka 2000 Alecia Wolf alichunguza makundi ya majadiliano ya mtandaoni. Wanaume walipokuwa kwenye makundi yenye jinsia zote, walitumia alama za hisia zaidi kuliko walipokuwa wanaume kwa wanaume, wakaufuata mtindo wa wanawake. Maumbile hayabadiliki kwa kuhama kundi.

Na mwaka 2019 Butterworth na wenzake waliwapa watu meseji za mfanyakazi mwenza, huku wakiibadilisha jinsia ya mtumaji. Zenye emoji za mahaba zilionekana za kufaa na za kupendeza zaidi zikitoka kwa mwanamke kuliko zikitoka kwa mwanamume. Zenye emoji za kirafiki tu hazikuwa na tofauti hiyo. Kwa hiyo mwanamume asiyeweka moyo kazini huenda anasoma mazingira yake sawasawa, na tabia hiyo anaweza kurudi nayo nyumbani kwenye simu ileile. Ukitaka aiache, mwambie unapenda moyo mwekundu. Nimeona ikifanya kazi kuliko skrinshoti.